Voisi ya dakika moja kwa fundi wa baridi: shajara ya kazi, Ngamiani

14 Juni 2025: Tunaanzia wapi

Mdogo wangu wa kike amesomea ufundi wa friji na viyoyozi. Amemaliza mwaka jana, na tangu hapo anatengeneza friji za majumbani hapa Ngamiani, Tanga, za majirani na za mama ntilie. Anachotaka sasa ni kuingia kwenye vyumba vya baridi vya samaki, vile vikubwa. Mjomba anafahamiana na fundi mmoja mtu mzima anayevihudumia vyumba hivyo upande wa Deep Sea. Namba ametupa, na sharti juu yake: "Huyu hasomi barua. Mikono yake ina mafuta kutwa nzima. Mtumieni voisi, tena fupi, ataisikiliza akinywa chai."

Mimi natengeneza simu, kwa hiyo sauti imeniangukia mimi. Maneno ni ya kwake. Naandika humu kila hatua ikiisha, kwa sababu kuna vijana wameshakuja kibandani kuniuliza habari hizihizi, na kumweleza kila mmoja kwa mdomo siwezi.

Leo amerekodi bila maandalizi yoyote, kwa simu yake, amekaa kitandani. Nilitaka tu kujua hali ilivyo. Imetoka dakika nne na ushei. Inaanza na "Kwa majina naitwa", inapita mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, dini, mambo anayopenda, na friji inatajwa dakika ya tatu. Nyuma yake kuna mngurumo usiokatika na sauti inagonga ukutani kama mtu yuko ndani ya tangi tupu. Mjomba aliposikilizishwa aliikata mapema tu. "Anagombea udiwani huyu?"

Basi kazi ziko mbili, kelele na maneno. Naanza na kelele kwa sababu ndiyo ninayoijua.

15 Juni: Chumba

Kabla ya kurekodi neno lolote, rekodi kimya. Washa kinasa sauti, kaa sekunde kumi bila kujikuna, kisha sikiliza kwa spika za masikioni ukiwa umeongeza sauti mpaka mwisho. Kelele ambazo sikio lako limeshazizoea zinajitokeza zote. Kwenye chumba chetu zilitoka tatu: pangaboi, friji ya sebuleni na mwangwi wa kuta.

Pangaboi linazimwa, unatoka jasho, basi. Friji nayo inazimwa. Fundi friji kuzima friji ili atambulike kuwa ni fundi friji ni kichekesho, lakini mngurumo wa kompresa unapenya ukuta. Ukiizima, weka ufunguo wa mlango wa nje ndani ya friji hiyohiyo. Hutaondoka nyumbani bila kukumbuka kuiwasha.

Watu wengi huona mngurumo mdogo si kitu kwa sababu maneno bado yanasikika. Tatizo ni kwamba WhatsApp haitumi sauti kama ilivyorekodiwa, huibana kwanza iwe nyepesi. Dakika moja ya voisi haifiki hata MB 1. Katika kubana huko, kelele inayoendelea mfululizo nayo inadai nafasi yake, na kinachominywa ni sauti ya mtu. Sikiliza voisi ya mtu aliyekaa chini ya pangaboi: herufi za s na f zimeyeyuka, na maneno yana mtetemo usioeleweka. Mtandao watu huulaumu bure, mara nyingi ni pangaboi.

Mwangwi ulitusumbua zaidi. Chumba kina sakafu ya saruji, kuta za plasta na dari ya jipsamu, hakuna kinachomeza sauti. Piga kofi moja: ukisikia mlio mdogo unaofuatia, chumba hakifai. Mdogo wangu akatundika kanga nne kwenye kamba, mbele na pembeni yake. Zilipendeza, lakini hazikusaidia. Kitambaa chembamba humeza zile sauti nyembamba za juu tu, zile nzito zinaendelea kugonga ukuta. Matokeo yake sauti imekuwa nzito na imefubaa, na mwangwi haukuondoka. Kinachomeza sauti ni unene: godoro, blanketi zito lililokunjwa, kabati lililojaa nguo. Tukasimamisha godoro ukutani nyuma ya simu na hali ikawa afadhali kidogo, lakini ukuta wa nyuma yake yeye ulibaki wazi, na la pili halipo.

Gharama ya leo: sifuri.

17 Juni: Maikrofoni ya shilingi 12,000

Tumenunua maikrofoni ndogo ya waya, ile ya kubana shatini. Duka silitaji. Nililipa 12,000 baada ya kuomba kupunguziwa kutoka 15,000.

Amerekodi, tukasikiliza, hakuna tofauti na jana. Mwangwi uleule. Mtu asiyejua angedhani maikrofoni ni mbovu au chumba hakitengenezeki. Kuna kipimo cha haraka: anza kurekodi, kisha kwaruza maikrofoni kwa ukucha. Ukisikiliza na mkwaruzo haupo, simu haitumii maikrofoni hiyo kabisa, inaendelea na ya kwake iliyo ndani. Halafu kwaruza karibu na tundu la kuchajia. Kwetu mkwaruzo wa pili ulisikika, wa kwanza haukusikika.

Sababu iko kwenye pini. Angalia ile chuma inayoingia kwenye tundu la spika za masikioni, hesabu mistari myeusi inayoizunguka. Ikiwa mitatu, pini ina sehemu nne, na moja ni ya maikrofoni, simu itaitambua. Ikiwa miwili, pini ina sehemu tatu, na imetengenezewa kamera na vinasa sauti, simu haioni kitu. Yetu ilikuwa na miwili. Kuna kiunganishi cha kugeuza, lakini mjini sikukipata siku hiyo, na muuzaji alikataa kurudisha pesa kwa kuwa boksi limeshafunguliwa. Ukienda kununua, hesabu mistari dukani, kabla ya kutoa hela.

Tulijaribu pia spika zake za Bluetooth zisizo na waya. Hizo msizitumie. Ukisikilizia muziki zinatoa sauti nzuri, lakini mara maikrofoni yake inapowashwa, mawasiliano yanahamia kwenye njia ya kupigia simu, ambayo hupitisha sehemu ndogo tu ya sauti. Utasikika kama unapiga simu kutoka kisimani.

Tukarudi kwenye maikrofoni ya simu yenyewe, na kumbe hatukuwa tumeipa haki yake. Kava la silikoni lilikuwa limeziba nusu ya tundu la chini, na tundu lenyewe lina vumbi lililoshikana na jasho. Nimelisafisha kwa mswaki mkavu laini. Pini au sindano usithubutu, utando wa ndani ni mwembamba sana na ukitoboka umeua maikrofoni. Baada ya kusafisha na kuvua kava, sauti yake ikafunguka kuliko vifaa vyote tulivyojaribu.

Umbali ni shubiri moja kutoka mdomoni. Simu isiwe mbele ya midomo moja kwa moja, iwe upande kidogo, usawa wa kona ya mdomo. Neno kama "kapilari", ule mrija mwembamba wa gesi, au "kompresa" likitamkwa mbele ya tundu, pumzi ya p inapiga utando na unasikia kishindo. Ukisogeza simu pembeni, pumzi inapita, sauti inabaki.

19 Juni: Raskazone, halafu Noah

Mdogo wangu alisema kama mwangwi unatoka kwenye kuta, twende pasipo na kuta. Tukaenda ufukweni Raskazone jioni. Mwezi huu ni wa kusi, upepo haupumziki, na upepo ukigusa tundu la maikrofoni hakuna maneno tena, ni ngurumo tupu. Ngurumo hiyo haisafishiki baadaye kwa programu yoyote niliyonayo. Bodaboda kwenda na kurudi, 4,000.

Tukirudi tumepita kwa mjomba, Noah yake imeegeshwa uani. Nikamwambia aingie siti ya nyuma, afunge vioo, apige kofi. Kofi lilikufa palepale.

Gari lina kila tulichokuwa tunakitafuta kwa kanga na godoro: siti nene za kitambaa mbele na nyuma, zulia chini, dari yenye kitambaa, na mipira ya milango inayozuia sauti za nje. Kinachoharibu ni vioo, hivyo usikae mbele ukazungumza na kioo kikubwa. Kaa nyuma, uso uangalie mgongo wa siti ya mbele. Simu tumeifunga kwa rababendi kwenye kiegemeo cha kichwa cha siti hiyo, tundu la chini likiwa huru, usawa wa kidevu chake. Hivyo hakuna mkono unaoishika, na ile michakacho ya vidole imekwisha.

Ubaya ni joto. Vioo vikifungwa mchana hukai humo. Saa nzuri ni kati ya kumi na mbili na moja asubuhi, jua halijapanda, adhana imeshapita, na wanaofagia uwanja hawajaanza. Majogoo hayana ratiba, lakini ndani ya gari yanasikika kwa mbali mno.

22 Juni: Maneno

Siku zote hizi mdogo wangu alikuwa anaandika. Rasimu ya pili ilikuwa fupi, lakini alipoisoma ilitoka kama taarifa ya habari: kila sentensi inashuka mwisho kwa namna moja, na maneno kama "nina uzoefu wa kutosha" na "ninajituma" yamejaa. Mjomba akauliza swali moja: "Sasa hapa ameshatengeneza nini?"

Swali hilo ndilo lililogeuza kazi. Fundi hapimi sifa, anapima kazi. Nikamwambia anisimulie friji moja tu iliyomsumbua, na nikawasha kinasa sauti bila kumwambia. Akaanza kusimulia ya mama ntilie wa barabara ya 14, na sauti ikabadilika palepale, ikawa ya mtu anayejua anachosema. Tukachukua masimulizi hayo, tukapunguza, tukayaweka katikati ya voisi.

Akisoma karatasi sauti inarudi kuwa ya taarifa ya habari. Kwa hiyo kwenye karatasi kumebaki maneno matano tu, kila moja likiwa kichwa cha kipande: mpwa, Ngamiani, friji, sijui, Jumamosi. Sentensi anazitengeneza mwenyewe akiwa ndani ya gari. Kila mara zinatoka tofauti kidogo, na hilo ndilo tunalolitaka.

Neno "sijui" lilizua ubishi. Aliogopa kusema hajawahi kugusa chumba kikubwa. Mimi niliona fundi atagundua kwa swali la kwanza tu, na akilisikia mapema anajua pa kuanzia kumfundisha. Limebaki.

23 Juni: Salamu na ombi

Salamu zimetuchukua jioni nzima, na wala sioni tumepoteza muda. "Habari za asubuhi" imetoka, maana hujui ataisikiliza saa ngapi. "Habari za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje" inapendeza mkiwa mmekaa barazani, lakini kwenye voisi hakuna wa kuitikia, na mtu anabaki ameshika simu akisubiri hoja. Kuacha salamu kabisa hapa Tanga ni kujiharibia. Tumebaki na "Shikamoo fundi", kisha kimya kifupi cha kumtosha mzee kuitikia marahaba kwa moyo, kisha jina. Aite "fundi" au "mzee"? Mjomba alikata shauri: kazini wote wanamwita fundi, na cheo hicho anakipenda.

Kuhusu ombi, la kwanza lilikuwa "naomba unisaidie kupata kazi". Ombi hilo linamtaka mzee aende akaongee na watu, abebe dhamana ya mtu asiyemjua. Ni rahisi kulikalia kimya. La sasa ni kuja siku moja, kuangalia na kubeba vifaa. Hilo anaweza kulijibu kwa neno moja, bila kumuuliza mtu.

24 Juni: Iliyokubaliwa

Saa kumi na mbili na robo, ndani ya Noah. Simu kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Hii ndiyo iliyochaguliwa, nimeiandika kama alivyoitamka, majina nimeyatoa:

"Shikamoo fundi. Naitwa fulani, ni mpwa wake fulani mliyekuwa naye bandarini. Nimesomea friji na viyoyozi, nimemaliza mwaka jana, sasa hivi natengeneza friji za majumbani hapa Ngamiani. Mwezi uliopita niliitwa kwa mama ntilie mmoja. Friji yake ukiiwasha inagandisha vizuri kwa muda, halafu baridi inakata na kompresa bado inazunguka. Ukiizima ikapumzika, inarudi. Walishamjazia gesi zaidi ya mara moja. Mimi nilipasha moto pale kapilari inapoingilia kwenye evapareta, nikasikia gesi inapita, baridi ikarudi. Nikajua kuna maji mle ndani yanaganda na kuziba njia. Nikabadilisha draya, nikavuta hewa yote kwa pampu, nikajaza gesi upya kwa kupima. Mpaka leo inagandisha. Vyumba vikubwa vya baridi sijawahi kuvigusa, na ndivyo ninavyotaka kuvijua. Naomba nije Jumamosi moja nikuangalie unavyofanya kazi, hata kubeba vifaa nitabeba. Ukinijibu ndiyo au hapana inatosha. Ahsante fundi."

Imetoka dakika moja na sekunde chache. Kuna mahali amevuta pumzi kwa nguvu na mahali amesema "evapareta", ile sehemu ya friji inayotoa baridi, kwa kusitasita. Tumeacha.

Palibaki swali la jinsi ya kuituma. Simu yangu ina maikrofoni bora kuliko yake, na majaribio kadhaa tuliyafanya kwayo. Ukirekodi kwangu, ukamtumia yeye, naye akaisukuma kwa fundi, itafika na alama ya `Forwarded` juu yake. Mzee ataona voisi imetoka kwa mwingine, na anaweza kudhani inasambazwa kwa watu wengi. Ukirekodi kwa kinasa sauti cha kawaida ukaambatisha faili, inafika kama faili la muziki, siyo kama mtu anayezungumza nawe. Kwa hiyo ya mwisho imerekodiwa ndani ya WhatsApp, kwenye simu yake mwenyewe, kwenye ukurasa wa fundi.

Namna yake: shikilia alama ya maikrofoni, telezesha kidole juu ifunge, achia mkono, zungumza. Ukimaliza bonyeza alama ya kusimamisha, usibonyeze ya kutuma. Sikiliza yote hapohapo. Mbaya, ifute kwa alama ya pipa na uanze upya. Kuwa makini na hali ya ndege: ukibonyeza kutuma huku mtandao umezimwa, voisi inasubiri na alama ya saa, na itaondoka yenyewe mara tu data ikirudi. Usibonyeze kwa majaribio.

Kabla ya voisi alitanguliza ujumbe wa maandishi jana jioni: "Shikamoo fundi. Mimi ni mpwa wake fulani. Naomba ruhusa nikutumie voisi ya dakika moja kuhusu kazi ya baridi, usikilize ukipata nafasi." Jibu lilikuja baada ya Isha: "Marahaba. Tuma." Kwa hiyo leo voisi haikumfikia mtu asiyeitarajia.

Imetumwa saa moja kasoro asubuhi.

Matumizi mpaka hapa: maikrofoni 12,000, bodaboda 4,000, bando la 1,000 ambalo sehemu kubwa limebaki. Maikrofoni nimeitundika kibandani, anayetaka kuona pini yenye mistari miwili aje.

25 Juni: Jibu

Alama ya maikrofoni iligeuka bluu jana mchana, maana yake imesikilizwa. Jioni kimya. Mdogo wangu alitaka kutuma ya pili ya kuuliza kama imefika, nikamzuia, bluu imeshasema.

Leo saa tatu asubuhi fundi ameandika, bila salamu: "Gesi uliweka gramu ngapi?"

Hakuuliza umri wala shule. Mdogo wangu akamjibu kwa maandishi, "90 fundi, nilisoma kwenye kibao cha nyuma ya friji." Zikapita dakika chache. "Draya uliiacha wazi muda gani kabla hujaunga?" Akajibu kwamba aliitoa kwenye pakiti mwisho kabisa, bomba zikiwa zimeshasafishwa tayari, kwa sababu draya ikikaa wazi inanyonya unyevu wa hewani na kazi inakuwa bure. Hapo fundi akarekodi voisi ya kwake, sekunde nane, nyuma yake mashine zinanguruma hadi huwezi kupata neno la kwanza: "...Jumamosi saa moja. Vaa viatu vya kufunika. Na klampu mita uje nayo, mimi yangu siazimi."

Klampu mita, kile kipimo cha umeme kinachobana waya, hana. Leo mchana tunaanza kuulizia bei.